Hakuna "Delete account" kwenye mipangilio? Pitia huku

Ukikaa kwenye meza yoyote ya fundi simu pale Mwanga, Kigoma, haitapita siku nyingi kabla hujasikia mtu akiuliza: "Fundi, nataka nijitoe kabisa kwenye hii programu, nimetafuta pa kufutia sipaoni." Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba aiondoe tu kwenye simu. Jibu hilo si sahihi, na ndilo linalowaacha watu wengi na akaunti zilizo hai miaka mingi, zikiwa na namba zao, picha zao, na wakati mwingine namba za ndugu zao.

Kuondoa programu kwenye simu hakugusi akaunti. Akaunti yako iko kwenye kompyuta za kampuni, na itabaki huko hata simu ikitumbukia Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kabla hujaigusa programu yenyewe, soma mpaka mwisho. Hatua hizi nimeziandika kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi huku kwetu. Wa iPhone nitawagusia panapohitajika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kitu cha kwanza ni programu yenyewe ikiwa bado iko kwenye simu na umeingia kwenye akaunti. Kitu cha pili ni laini uliyojisajilia, iwe hewani na iweze kupokea meseji. Kama laini ilipotea, irudishe kwanza kwenye duka la mtandao wako kwa kitambulisho na alama za vidole, kwa sababu bila namba hiyo hatua nyingi zitakwama.

Cha tatu ndicho kinachosumbua kuliko vyote: barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti. Watu wengi hawaijui, maana walifunguliwa na muuza simu siku waliponunua. Ili kuiona, fungua Play Store na uguse picha ndogo ya duara iliyo juu kulia. Barua pepe inayotokea hapo ndiyo iliyo kwenye simu. Kisha fungua programu unayotaka kujitoa, nenda kwenye wasifu wako, na utazame kama imeandikwa hiyohiyo. Zikitofautiana, inayohesabika ni ile iliyo ndani ya programu.

Ongeza bando kidogo, karatasi ya kuandikia, na kama dakika ishirini za kutulia.

Nitatumia mfano wa mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi. Aliweka tangazo kwenye programu ya kuuza na kununua vitu, akauza mzigo, akaacha tangazo likiwa hewani. Kila wiki anapigiwa na watu asiowajua wakiuliza bei, na baadhi yao wana maneno ya kitapeli. Kwenye mipangilio ya programu hiyo alikuta "Log out" tu.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha kweli hakuna.

Kitufe cha kufuta akaunti mara chache huwekwa mahali pa wazi. Kitafute kwenye sehemu nne: wasifu wako, hasa pale pa kuhariri jina na picha, sehemu ya faragha, sehemu ya usalama, na sehemu ya msaada. Ukifungua kila ukurasa, shuka mpaka chini kabisa, kwa sababu mara nyingi huwa ni maandishi madogo ya kijivu au mekundu chini ya toleo la programu.

Kama mipangilio ina kisanduku cha kutafutia, andika "delete". Usipopata, andika "deactivate", kisha "close". Kama programu iko kwa Kiswahili na huelewi walivyotafsiri, badili lugha yake iwe Kiingereza kwa muda, maana maelekezo mengi utakayoyakuta yanataja vitufe kwa majina hayo.

Kwenye Facebook, kwa mfano, kitufe hicho kimefichwa ndani ya vyumba vitatu: "Accounts Center", halafu "Personal details", halafu "Account ownership and control". Hapo ndipo utaona "Deactivation or deletion". Angalia vizuri unachochagua. "Deactivate" ni kuzima akaunti kwa muda, na taarifa zako zote zinabaki. Unayoitaka ni "Delete".

2. Nenda Play Store, usianzie Google.

Hatua hii ndiyo wengi hawaijui, nami huianza mapema kwa sababu ndiyo salama zaidi. Mwaka 2023 Google ilitangaza sharti kwamba programu yoyote inayomruhusu mtu kufungua akaunti ndani yake lazima impe njia ya kuifuta humohumo, na pia itoe kiungo cha ukurasa wa mtandaoni wa kuomba kufutwa. Kiungo hicho kiliwekwa ili hata mtu aliyekwisha kuondoa programu asilazimike kuipakua upya. Apple nao wanadai kitufe cha kufuta kiwemo ndani ya programu tangu tarehe 30 Juni 2022. Kwa hiyo ukurasa huo wa kujificha mara nyingi upo, ila kampuni haikutangazii.

Fungua Play Store, tafuta programu, ingia kwenye ukurasa wake. Shuka chini mpaka sehemu ya "Data safety". Utaona mistari kadhaa, na mmoja wao unaweza kusomeka "You can request that data be deleted". Gusa "See details", kisha shuka hadi sehemu inayohusu usalama na ufutaji wa data. Kiungo cha kufutia akaunti huwa hapo. Kikifunguka kwenye kivinjari, umefika.

Ukikuta imeandikwa "Data can't be deleted", piga picha ya skrini. Utaihitaji kwenye hatua ya tano.

Yule mama wa Kibirizi alikipata kiungo hapo. Kilifungua fomu fupi ikitaka barua pepe ya akaunti na sababu ya kuondoka. Alipojaza barua pepe iliyo kwenye Play Store, fomu ilimjibu kwamba hakuna akaunti kama hiyo. Tulipofungua wasifu wake ndani ya programu tukaona barua pepe nyingine kabisa, yenye jina la duka alikonunulia simu. Kijana wa duka alitumia ya dukani ili kumalizia usajili haraka.

Ukikuta hivyo, usikimbilie kubishana na mtu wa duka, na usimwombe akutumie neno la siri la barua pepe yake. Ingia ndani ya programu, badili barua pepe ya wasifu iwe yako, thibitisha kwa ujumbe watakaokutumia, ndipo urudi kwenye fomu. Mama alifanya hivyo na fomu ikampokea. Kama programu haikuruhusu kubadili barua pepe, tumia namba ya simu kama utambulisho wako na uruke hadi hatua ya tano.

3. Jaribu tovuti badala ya programu.

Kuna akaunti ambazo mlango wake wa kufuta uko kwenye tovuti, na programu ya simu haikuoneshi. Fungua Chrome, ingia kwenye tovuti ya huduma hiyo kwa akaunti yako, gusa vidoti vitatu juu kulia, weka tiki kwenye "Desktop site", kisha utazame mipangilio tena. Herufi zitakuwa ndogo, lakini menyu zilizofichwa huonekana.

Telegram nayo imewahangaisha wengi, na ina mlango wake kwenye tovuti. Ukurasa wake wa kufutia akaunti ni huu:

```
my.telegram.org/delete
```

Unaandika namba yako ikianza na +255 bila ile sifuri ya mbele, halafu unasubiri kodi, yaani namba za uthibitisho. Wengi wanasubiri meseji ya kawaida isiyokuja. Kodi ile inatumwa ndani ya Telegram yenyewe. Ndiyo maana aliyekwisha kuondoa Telegram kwenye simu anakwama hapo, na inambidi airudishe na kuingia kwanza. Ukishaingiza kodi na kuthibitisha, akaunti inafutwa bila kipindi cha kujifikiria, kwa hiyo hifadhi picha na mazungumzo unayoyataka kabla.

4. Tafuta ukurasa wa moja kwa moja.

Kama Play Store haikuwa na kiungo, sasa nenda Google, lakini ibane isitoke nje ya tovuti ya kampuni. Andika hivi, ukiweka anwani halisi ya kampuni mahali pa ile ya mfano:

```
site:example.com delete account
```

Neno "site:" linaiambia Google ilete kurasa za tovuti hiyo pekee. Bila hilo utaletewa blogu na namba za matapeli. Upo pia mtandao uitwao justdeleteme.xyz unaokusanya viungo vya kufutia akaunti za huduma nyingi maarufu na kuonesha kwa rangi ipi ni rahisi na ipi ni ngumu. Programu ndogo za hapa nyumbani usitegemee kuzikuta humo.

Bado hujapata? Fungua sera ya faragha ya kampuni. Kiungo chake kiko kwenye ukurasa wa Play Store. Ni ndefu, na huhitaji kuisoma yote. Kwenye Chrome gusa vidoti vitatu, chagua "Find in page", andika "delet" bila kumalizia herufi. Itakukamatia "delete", "deleting" na "deletion" kwa pamoja. Kisha andika "eras", halafu "@". Hiyo alama ya mwisho itakuonesha anwani za barua pepe zilizomo, na mara nyingi mojawapo ni ya watu wanaoshughulikia faragha. Iandike, kwa sababu hao hujibu maombi ya kufuta vizuri kuliko dawati la kawaida.

5. Andikia huduma kwa wateja.

Anwani ichukue kwenye sera ya faragha, au kwenye ukurasa wa programu ndani ya Play Store, sehemu ya "App support". Usiitoe penginepo. Andika ukitumia barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti, la sivyo watakujibu kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa wewe ndiye mwenyewe.

Kichwa cha barua weka "Account deletion request", hata kama barua yenyewe ni ya Kiswahili, maana mafaili yao mengi hupangwa kwa maneno hayo. Barua iwe fupi:

"Ndugu, naomba mfute kabisa akaunti yangu pamoja na taarifa zangu. Akaunti imesajiliwa kwa namba +255… na barua pepe hii ninayoitumia kuandika. Jina la mtumiaji ni … Nimetafuta kitufe cha kufuta kwenye mipangilio na kwenye kiungo cha Play Store, sikukipata, picha nimeambatisha. Sitaki akaunti izimwe kwa muda, nataka ifutwe. Naomba mnijibu mkithibitisha tarehe itakapofutwa, na mnieleze taarifa zipi mtabaki nazo na kwa sababu gani."

Kama kampuni ni ya nje, iandike kwa Kiingereza au umpe mtu akutafsirie. Kila sentensi hapo ina kazi. Ile ya picha inawazuia wasikujibu "nenda kwenye mipangilio", ambalo ndilo jibu la kwanza la madawati mengi. Ile ya kutozima inawazuia wasikufanyie nusu ya kazi. Ya mwisho inawalazimu kukujibu kwa maneno yao wenyewe, nawe unabaki na ushahidi.

Wakikupa namba ya ombi, itunze. Kila ukifuatilia, jibu juu ya barua ileile. Ukianza barua mpya, ombi lako linarudi mwisho wa foleni.

6. Ondoa programu sasa, na usiifungue tena.

Huduma nyingi huweka kipindi cha kusubiri kabla ya kufuta moja kwa moja. Facebook, Instagram na TikTok ni siku 30. Ukiingia kwenye akaunti ndani ya siku hizo, hata kwa kuchungulia tu, ombi linaweza kubatilika. Kwa hiyo baada ya kupata uthibitisho, toka kwenye akaunti, ondoa programu kwenye kila simu uliyowahi kuitumia, na uandike tarehe ya mwisho kwenye ile karatasi.

Kutaka kujua kama kweli imefutwa, usiingie kwa akaunti yako. Omba simu ya mtu mwingine, utafute jina lako au tangazo lako kama mgeni. Mama wa Kibirizi alimtumia binti yake. Tangazo likawa halipo tena ndani ya programu, ingawa kwenye matokeo ya Google kichwa chake kiliendelea kuonekana kwa muda. Ukikigusa ukurasa haufunguki. Hilo ni la kawaida, Google huchukua muda kusafisha kumbukumbu zake.

Makosa yanayowagharimu watu

Kosa kubwa kuliko yote ni kutafuta "namba ya huduma kwa wateja" kwenye maoni ya Facebook. Pale pamejaa watu wanaosubiri mtu kama wewe. Atakuita "ndugu mteja", atakuomba kodi iliyoingia kwenye simu, au picha ya kitambulisho cha NIDA, au ada ya kufungia akaunti. Kufuta akaunti hakulipiwi. Kodi unaiandika wewe mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni, humtajii mtu yeyote kwa mdomo wala kwa meseji. Akikusisitiza, kata simu.

La pili ni kusahau malipo ya kila mwezi. Kufuta akaunti hakusitishi usajili unaolipiwa kupitia Google. Kabla ya yote, gusa picha yako kwenye Play Store, ingia "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", uusitishe hapo.

La tatu linawapata walioingia kwa kitufe cha Google au Facebook badala ya neno la siri. Wakiamua kujitoa wanaanza kwa kukata uhusiano huo upande wa Google, halafu wanajikuta hawawezi tena kuingia kwenye programu kuifuta. Futa akaunti ya programu kwanza, uhusiano ukate mwisho.

Ukikwama

Kiungo cha kufuta kinafungua ukurasa mtupu. Jaribu kukifungua kwa Chrome badala ya dirisha la ndani ya programu, na uzime kipunguza data kama umekiwasha. Kikiendelea hivyo, piga picha ya skrini yenye anwani ya ukurasa juu, uiambatishe kwenye barua ya hatua ya tano. Unaweza pia kuiripoti programu kwa Google kupitia vidoti vitatu vya ukurasa wake ndani ya Play Store.

Kodi haiji. Hakikisha umeandika namba kwa +255, na kwamba laini iliyosajiliwa ndiyo iliyo kwenye simu. Usibonyeze kutuma tena mara nyingi mfululizo. Mifumo mingi hukufungia kwa saa kadhaa. Acha, rudi kesho yake.

Wanasema una deni. Programu za mikopo hukataa kufuta akaunti yenye salio la mkopo, na hilo hutaweza kulipita. Lipa, omba uthibitisho wa maandishi kwamba deni limekwisha, kisha omba kufutwa. Wakati ukisubiri, nenda kwenye mipangilio ya simu, ingia kwenye ruhusa za programu hiyo, uiondolee ruhusa ya kuona majina kwenye kitabu cha simu, meseji na picha. Haifuti walichokwisha kuchukua, ila inazuia wasichukue zaidi. Fahamu pia kwamba kumbukumbu za miamala ya fedha kampuni inaweza kulazimika kuzitunza kisheria hata baada ya akaunti kufungwa.

Hujibiwi kabisa. Baada ya wiki mbili andika tena juu ya barua ileile, na sasa, kama kampuni inafanya kazi Tanzania, taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Waambie kwamba wasipojibu utapeleka lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Makao yake yako Dodoma, lakini huna haja ya kupanda treni. Anza na tovuti yao, pdpc.go.tz. Ambatisha barua zako zote mbili, picha za skrini, na tarehe. Kwa kampuni ya nje isiyo na ofisi hapa, Tume itakuwa na kazi ngumu zaidi, kwa hiyo huko endelea kuwabana kwa barua pepe ya faragha na ripoti ya Play Store.

Kampuni imekufa, tovuti haifunguki na barua zinarudi. Hapo hakuna wa kukufutia. Kama programu bado inafungua, ingia ubadili jina, uondoe picha, futa matangazo na namba ya simu kimojakimoja, na uweke neno la siri usilolitumia penginepo. Kisha badili neno la siri kwenye akaunti nyingine yoyote iliyokuwa ikitumia lilelile la zamani, ukianza na barua pepe.